Neno «hiari» kwenye mkataba: kisa cha Mtanzania aliyesoma Nairobi akaenda fildi Ujerumani

Februari 2025 binti mmoja wa mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, aliingia ofisini kwangu Nairobi ameshika karatasi mbili zilizochapwa kutoka kwenye barua pepe. Ni Mtanzania, anasoma Kenya kwa pasi ya mwanafunzi, na kwa muda mrefu alikuwa akitafuta pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. «Mwalimu, nimepata fildi Ujerumani,» akaniambia. (Wenzake Wakenya wanaiita atachimenti, yeye hakuwahi kuliacha neno la nyumbani.) Kampuni yenyewe inatengeneza pampu za maji kusini mwa Ujerumani. Walikuwa wanamtaka kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 hadi 31 Machi 2026, miezi 7, kwa posho ya yuro 900 kwa mwezi.

Mimi ndiye mratibu wa mafunzo kwa vitendo katika idara yetu. Nimeona barua nyingi za namna hii, na nyingi huishia kwenye droo kwa sababu ya makaratasi, si kwa sababu mwanafunzi hakufaa. Hiki kisa nakiandika kirefu kwa kuwa kosa lililokaribia kumkosesha safari lilikuwa neno moja la Kijerumani kwenye mkataba. Watatu kati yetu tulilisoma bila kuliona: mwanafunzi, msimamizi wake wa kitaaluma, na mimi.

Neno hilo ni «freiwillig», yaani la hiari. Kichwa cha mkataba kilisema «Freiwilliges Praktikum», mafunzo ya hiari. Kampuni haikuwa na nia mbaya. Ilichukua kiolezo ambacho idara yake ya utumishi huwapa vijana wengi na kujaza jina na tarehe. Lakini sheria ya Ujerumani inayatenga kabisa mafunzo ambayo mwanafunzi anayafanya kwa sababu mtaala wake unamlazimisha na yale anayoyafanya kwa kupenda mwenyewe. Ya kwanza yanaitwa «Pflichtpraktikum», mafunzo ya lazima. Kutoka hapo ndipo njia zinapoachana, kwenye mshahara na kwenye uzito wa faili lote.

Kwanza niondoe mkanganyiko uliotupotezea wiki nzima. Binti alikuja akiuliza kibali cha kazi kinaombwa wapi, kwa sababu huku kwetu tumezoea vitu viwili: viza ya kuingilia, na kibali cha kazi kinachotoka ofisi nyingine. Ujerumani haina karatasi ya pili ya namna hiyo kwa mtu kama yeye. Ruhusa ya kufanya kazi inaandikwa ndani ya viza yenyewe. Ubalozi unapolichambua ombi, unaangalia kama aina hiyo ya mafunzo inahitaji ridhaa ya Wakala wa Ajira wa Shirikisho, Bundesagentur für Arbeit, au imesamehewa. Kwa hiyo swali la kuuliza ni lipi? Si «kibali cha kazi nakipata wapi», bali «naingia kwa kifungu gani».

Mtu wa utumishi wa ile kampuni alikuwa amempa jibu lake kwenye barua pepe: aje na viza ya kawaida ya Shengeni ya siku 90, mengine yatarekebishwa akifika. Nilimwomba binti asilifuate kabisa. Viza ya Shengeni ya muda mfupi ni ya kutembelea, na mafunzo ya miezi kadhaa ndani ya kampuni hayaingii humo. Tena mtu kutoka Tanzania au Kenya aliyeingia kwa viza hiyo kwa kawaida hawezi kuigeuza kuwa ya mafunzo akiwa hukohuko. Anarudishwa kuomba upya kutoka anakoishi. Kinachotakiwa ni viza ya kitaifa, ile yenye herufi D, inayoombwa kabla ya kusafiri. Ada yake ni yuro 75.

Milango miwili

Kwa mwanafunzi anayesoma nje ya Ujerumani, na anayetaka kufanya mafunzo yanayohusiana na masomo yake, kuna milango miwili mikuu. (Upo na wa tatu, kwa wanaokwenda chini ya programu inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, lakini yeye hakuwa na programu yoyote.)

Mlango wa kwanza ni kifungu cha 16e cha Sheria ya Ukaazi, kilichotokana na Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2016/801. Hapa Wakala wa Ajira hauulizwi. Sharti lake kubwa ni muda: mafunzo hayawezi kuzidi miezi 6. Mwombaji awe anasoma shahada, au awe amehitimu ndani ya miaka 2 kabla ya kuomba. Mafunzo yenyewe yalingane na masomo yake kwa fani na kwa kiwango. Na makubaliano na kampuni yawe na mambo fulani ndani yake, ambayo nitayarudia.

Mlango wa pili unaruhusu hadi miezi 12, lakini Wakala wa Ajira lazima uridhie kwanza, na ridhaa hiyo ndiyo inayoambatishwa kwenye ombi la viza. Mwanafunzi awe ameshamaliza mihula isiyopungua 4, na abaki amesajiliwa chuoni kwa muda wote wa mafunzo.

Kwa miezi 7, mlango wa kwanza ulikuwa umefungwa. Tukaanza kujiandaa kwa wa pili, na hapo ndipo mambo yalipoanza kufumuka.

Miezi 7 kuanzia Septemba ingemla muhula mzima na kipande cha pili. Yeye, kwa akili ya kawaida kabisa, alikuwa ameshaandika barua ya kuahirisha mwaka wa masomo. Ilikuwa mezani kwa msajili ikingoja sahihi. Nilipoiona niliikimbilia. Katika chuo chetu mwanafunzi aliyeahirisha anatolewa kwenye orodha ya waliosajiliwa hadi atakaporudi. Hana barua ya usajili ya kipindi hicho. Maana yake, karatasi inayomfanya astahili kwenda fildi ingekufa siku ileile anapopewa nafasi ya kwenda. Tulimwomba msajili airudishe barua ile bila kuisaini, naye akakubali.

Nimeona wanafunzi wengine wakiingia humuhumu, na sielewi kwa nini hakuna anayewaambia mapema. Kuahirisha masomo kunaonekana ni jambo la adabu, kuwaaga walimu vizuri kabla ya kuondoka. Kwa viza ya mafunzo ni kujikatia tawi ulilolikalia.

Hesabu ya mshahara

Mwishoni mwa Machi alikuwa ameshapakia ombi lake la awali kwenye mfumo wa mtandaoni wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, ule ambao tangu Januari 2025 unatumika kwa viza za kitaifa katika balozi zao zote zenye idara ya viza. Uzuri wa mfumo ule ni kwamba karatasi hupitiwa kwanza kabla hujapewa siku ya kwenda kuonana nao. Ujumbe uliorudi ulikuwa mfupi: waeleze kama mafunzo haya ni ya lazima kwa mujibu wa mtaala, na kama si ya lazima, waeleze malipo.

Niliusoma mara mbili. Kwa nini ubalozi ujali posho ya mwanafunzi, wakati yuro 900 zinaonekana nyingi kwa kijana wa chuo? Jibu limo kwenye Sheria ya Kima cha Chini cha Mshahara, kifungu cha 22. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huhesabiwa kama mfanyakazi anayestahili kima cha chini, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mafunzo ya lazima kwa mtaala yamesamehewa, hata yawe ya muda gani ule ambao mtaala unadai. Mafunzo ya hiari yanayoambatana na masomo yamesamehewa pia, lakini kwa miezi 3 tu. Yakizidi miezi 3, kima cha chini kinadaiwa tangu siku ya kwanza, si tangu mwezi wa nne.

Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa yuro 12.82 kwa saa. Mkataba wake ulisema saa 40 kwa wiki. Zidisha saa 40 kwa wiki 52, gawa kwa miezi 12, unapata saa 173 na kitu kwa mwezi. Zidisha kwa 12.82 na jibu ni takriban yuro 2,222. Kampuni ilikuwa imeahidi 900. Kwa hiyo mkataba wa «hiari» wa miezi 7 ulikuwa mkataba wa malipo yaliyo chini ya sheria, umesainiwa na kupigwa muhuri, halafu ukapelekwa kwa mikono yetu wenyewe kwenye ofisi ya serikali ileile iliyotunga sheria hiyo.

Nilimpigia simu binti jioni ile. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, «Mwalimu, basi wataniacha. Hawawezi kunilipa mara mbili na zaidi.» Nikamwambia asiwaandikie chochote hadi tuusome mtaala.

Na mtaala ulikuwa na jibu ambalo lilikuwa limelala humo miaka yote. Kozi yake inadai wiki 24 za mafunzo kwa vitendo katika kiwanda kabla ya kuingia mwaka wa mwisho. Wanafunzi wetu wengi huzigawa, wiki 12 likizo hii na wiki 12 likizo ijayo, kwa sababu viwanda vya hapa havichukui mtu kwa muda mrefu. Ndiyo maana sote tulikuwa tumezoea kusema «fildi ya wiki 12» na kuisahau ile namba kubwa. Lakini kanuni inaruhusu kuzifanya kwa mkupuo mmoja, idara ikiidhinisha. Naye hakuwa amefanya hata wiki moja.

Wiki 24 kuanzia Jumatatu ya tarehe 1 Septemba 2025 zinaishia Jumapili ya tarehe 15 Februari 2026. Ni miezi 5 na nusu. Hesabu hiyo moja ilinyoosha kila kitu. Mafunzo yote yanakuwa ya lazima, hivyo posho ya 900 ni halali. Yako chini ya miezi 6, hivyo mlango wa kifungu cha 16e unafunguka na Wakala wa Ajira hatuuhitaji. Na kwa kuwa ni sehemu ya kozi, binti anabaki amesajiliwa. Chuo kinampa barua ya usajili ya muhula wa Septemba kama mwanafunzi aliye fildi, na anarudi darasani mwishoni mwa Februari.

Nataka nisieleweke vibaya hapa. Hatukubadilisha neno ili kuupita ukaguzi. Kama mtaala ungedai wiki 12 tu, nisingeandika barua ya kusema 24 ni lazima, na ninawaomba waratibu wenzangu wasifanye hivyo hata mwanafunzi akilia mbele yao. Ubalozi unaweza kuomba ukurasa wa mtaala, na sisi tuliuambatisha bila kuombwa: ukurasa wenye kanuni, muhuri wa idara, na barua ya mkuu wa idara inayotaja namba ya kanuni hiyo. Kama zingekuwa wiki 12, ningewaambia kampuni wachague: wiki 12 za lazima kwa posho yao, au muda mrefu zaidi kwa kima cha chini.

Kampuni ilikubali kupunguza muda ndani ya siku mbili. Meneja wa karakana alisikitika, alitaka awepo hadi majaribio ya machipuko, lakini mtu wa utumishi alipoona hesabu ya kima cha chini alishukuru kwa barua ndefu. Mkataba mpya ulikuja na kichwa «Pflichtpraktikum».

Mpango wa mafunzo na ahadi ya gharama

Kifungu cha 16e kinataka makubaliano yanayoonyesha mafunzo ya nadharia na ya vitendo. Ndani yake kuwe na maelezo ya programu na malengo ya kujifunza, muda, masharti ya kazi na jinsi mwanafunzi atakavyosimamiwa, saa za kazi, na uhusiano wa kisheria kati yake na kampuni. Mkataba wa kwanza, kwenye sehemu ya majukumu, ulikuwa na mstari mmoja tu: kusaidia timu katika shughuli za kila siku.

Mstari huo ni hatari. Anayeusoma anaona mtu anayekwenda kujaza nafasi ya mfanyakazi. Tulikaa na binti na mhandisi wa kampuni kwenye simu ya video, tukaandika kurasa mbili. Wiki 4 za kwanza: usalama wa karakana, kusoma michoro ya pampu, na somo la kila Jumatano kuhusu nadharia ya pampu za msukumo wa mzunguko. Wiki 8 zinazofuata: kwenye benchi la majaribio, kupima mtiririko na kimo cha maji, kuchora mkunjo wa utendaji, na kuulinganisha na ule uliotangazwa na kiwanda. Wiki 8 nyingine: kutafuta chanzo cha mapovu ya mvuke yanayokula panga za pampu, tatizo ambalo wakulima wetu wa umwagiliaji wanalijua kwa sauti yake, kama pampu inasaga changarawe. Wiki 4 za mwisho: ripoti na uwasilishaji. Jina la cheo cha msimamizi likaandikwa, na kikao cha saa moja kila Ijumaa kikaandikwa. Hapo msomaji wa ubalozi anaona mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa mitambo anafanya kazi ya kiwango chake, katika fani yake.

Kilichochukua muda mrefu kuliko vyote ni karatasi ambayo binti mwenyewe hakuweza kuisaini. Kampuni inatakiwa ijifunge kwa maandishi kulipa gharama ambazo serikali itaingia kama mwanafunzi atabaki nchini kinyume cha sheria: gharama za kumtunza katika kipindi hicho, na gharama za kumrudisha kwao. Ahadi hiyo inafika hadi miezi 6 baada ya makubaliano ya mafunzo kwisha. Mwanasheria wa kampuni aliisoma akaisukuma kando. Aliiona kama dhamana isiyo na mwisho kwa mgeni wasiyemjua.

Wiki tatu zikapita kimya. Kuna wakati niliona faili limekufa. Kilichosaidia ni kumwandikia mwanasheria yule kwa upole na kumwonyesha mipaka ya ahadi yenyewe. Haihusu chakula na pango la mwanafunzi anapokuwa kwenye mafunzo kihalali. Inahusu tu kipindi cha ukaazi haramu, na ina ukomo wa tarehe. Tuliambatisha pia tarehe ya kufunguliwa muhula wetu, barua ya chuo inayosema tunamngoja darasani, na tikiti ya ndege iliyoshikiliwa ya kurudi. Aliisaini tarehe 12 Mei. Tangu hapo kila mwanafunzi anayekuja na barua ya Ujerumani namwambia aombe karatasi hii siku ya kwanza, kabla ya kushughulika na picha za pasipoti au bima, kwa sababu hii ndiyo inayopita kwa watu wasiomjua.

Ubalozi upi?

Pasipoti yake ni ya Tanzania, kwa hiyo alikuwa amepanga kuomba Dar es Salaam, na alishamwambia mama yake ajiandae kumpokea. Lakini ombi linapelekwa kwenye ubalozi wa eneo ambalo mwombaji anaishi kwa kawaida, si wa nchi iliyotoa pasipoti. Yeye ameishi Nairobi miaka mitatu. Akienda Dar angeulizwa kwa nini barua ya usajili, anwani na taarifa za benki vyote ni vya Nairobi, na huenda angerudishwa.

Kuomba Nairobi kulihitaji uthibitisho kwamba anaishi Kenya kihalali. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaingia Kenya bila viza, na wengi wao wanaiacha pasi ya mwanafunzi inaisha kwa sababu hakuna anayewauliza mpakani Namanga. Pasi yake ilikuwa inakwisha tarehe 31 Agosti 2025, siku moja kabla ya mafunzo kuanza. Kwenye faili ingeonekana kama mtu anayeondoka Kenya moja kwa moja. Tuliomba ihuishwe mapema Aprili, ikatoka katikati ya Mei, ikiwa inafika Agosti 2026. Pasi hiyo ilifanya kazi mbili: ilithibitisha ubalozi wa Nairobi ndio wake, na ilionyesha ana pa kurudi.

Fedha zilikuwa rahisi kuliko tulivyohofia. Kwa viza ya kifungu cha 16e kipato kinachotazamwa ni kilekile cha wanafunzi, na wakati ule kilikuwa yuro 992 kwa mwezi. Posho ni 900. Pengo ni 92, na kwa miezi 6 ya kalenda, Septemba hadi Februari, ni yuro 552. Alifungua akaunti ya kuzuiwa, ile ambayo benki inaachia kiasi kidogo kila mwezi, akaweka 600. Wanafunzi wengi hudhani lazima waweke zaidi ya yuro 11,000 zinazodaiwa kwa mwaka mzima wa masomo, wanakata tamaa palepale. Posho iliyoandikwa kwenye mkataba inahesabiwa. Unaweka pengo tu. Pango la kwanza, dhamana ya chumba na tikiti vilikuwa juu ya hapo, na hizo ndizo fedha ambazo ukoo ulichanga.

Siku ya ubalozini na baada yake

Alipangiwa tarehe 17 Juni. Nilimsihi aende na faili lililokamilika, na sababu yangu haikuwa nidhamu tu. Zamani aliyenyimwa viza ya Ujerumani aliweza kuandika barua ya pingamizi kwa ubalozi uleule, bila malipo, akaongeza karatasi zilizopungua. Utaratibu huo ulifutwa duniani kote kuanzia tarehe 1 Julai 2025. Tulijua tangazo lake, na tulijua jibu la ombi lake lingetoka baada ya tarehe hiyo. Sasa aliyenyimwa ana njia mbili: kuomba upya na kulipa upya, au kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja tangu kupokea uamuzi. Kwa mwanafunzi anayetakiwa kiwandani Septemba, kesi ya Berlin haimsaidii. Wapo wanaoendelea kushauriana mitandaoni kuhusu pingamizi kana kwamba bado lipo. Halipo.

Aliulizwa maswali machache, kwa Kiingereza. Atafanya nini wiki ya kwanza? Nani atamsimamia? Baada ya Februari anarudi kusoma nini? Alijibu kutoka kwenye mpango ambao alikuwa ameuandika kwa mkono wake, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kumhusisha mwanafunzi kwenye uandishi wake badala ya kumpa karatasi iliyokamilika. Bima ya afya ilitakiwa ianze siku ya kutua, si siku ya kuanza kazi; yeye alikuwa ameinunua kuanzia tarehe 1 Septemba wakati ndege yake ilikuwa tarehe 27 Agosti. Alipewa siku tatu kurekebisha, akairekebisha kesho yake.

Viza ilitoka tarehe 24 Julai. Nilimwomba aipige picha stika kabla hajatoka getini. Vitu vitatu vya kutazama: tarehe za mwanzo na mwisho, kifungu kilichoandikwa, na maneno yanayohusu kazi. Yake ilikuwa halali tarehe 25 Agosti 2025 hadi 22 Februari 2026, ikitaja kifungu cha 16e, na kazi imeruhusiwa kwa mafunzo katika kampuni ile tu. Maana ya maneno hayo ni kwamba hawezi kuchukua kazi ya jioni mgahawani, hata ya saa mbili. Kosa la stika husahihishwa kwa urahisi ukiwa bado mlangoni kwao. Ukishapanda ndege ni shughuli nyingine.

Kule, jambo la kwanza lilikuwa kujiandikisha makazi katika ofisi ya manispaa ndani ya wiki 2 tangu kuhamia, akiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Bila kujiandikisha namba ya kodi haiji, na bila namba hiyo hesabu za malipo zinakwama. Mwenye nyumba wake alichelewa kuisaini, binti akamfuata mlangoni Jumapili na keki ya ndizi. Alijiandikisha siku ya tisa.

Mwishoni mwa Januari kampuni ilimwandikia, na nakala ikaja kwangu: wamependa kazi yake kwenye benchi la majaribio, wanaomba abaki wiki 6 zaidi, hadi mwisho wa Machi, kama walivyotaka tangu mwanzo. Alinipigia simu usiku, sauti imejaa furaha. Ilinibidi nimweleze kwamba wiki hizo 6 zinavuka miezi 6 ya kifungu chake, na ziko nje ya wiki 24 za mtaala, kwa hiyo si mafunzo ya lazima tena. Zinavuka pia tarehe iliyo kwenye stika. Siku ya kwanza ya kubaki baada ya tarehe 22 Februari bila ruhusa nyingine, ile ahadi ya gharama ambayo mwanasheria alisita kuisaini ingeamka. Alisikiliza, kisha akasema, «Basi nawajibu mimi mwenyewe, Mwalimu. Nimeshaijua sababu.»

Aliwajibu kwa Kijerumani. Alitua Nairobi tarehe 19 Februari 2026, na Jumatatu ya tarehe 23 alileta kitabu cha fildi ofisini, wiki zote 24 zimesainiwa, ukurasa wa benchi la majaribio umechafuka mafuta.